Macho ya mzee chini ya pama: kupiga picha za watu jua la utosi, Ujiji

Mzee alisema pama haivuliwi. Alisema kwa upole, mkono mmoja juu ya mkongojo, na wajukuu wakanyamaza kwa sababu walijua hapo mazungumzo yamekwisha. Ilikuwa Ujiji, mwanzoni mwa Oktoba, ndoa imefungwa asubuhi, pilau inapakuliwa uani, na wageni waliotoka Kasulu wana gari la kukodi linalowasubiri. Picha zilitakiwa wakati huo huo. Niliangalia saa: saa saba kasoro robo mchana.

Kwa mtu wa Dar es Salaam, saa saba kasoro robo ni wakati ambao jua limeshapita utosini. Kwetu Kigoma ndiyo kwanza linafika. Saa za Tanzania nzima zinafuata mstari wa longitudo 45, ambao uko mbali huko baharini mashariki, na sisi tuko karibu na 29.6. Kila digrii moja ni dakika nne, kwa hiyo jua linatufikia kama saa nzima baada ya pale saa ya ukutani inapolitarajia. Oktoba jua huwahi kidogo, hivyo utosi wetu unakuwa kama saa saba kasoro dakika kumi. Mwanzoni mwa Machi linachelewa, na utosi unaangukia saa saba na dakika kumi hivi. Naeleza haya kwa sababu nimeona vijana wanaojifunza kazi hii wakifuata ushauri wa watu wa pwani, kwamba ikifika saa kumi mwanga umelainika. Saa kumi ya Kigoma jua bado liko juu kuliko saa kumi ya Dar. Ukimwambia mteja aje saa kumi, utalikuta jua likimpiga kwenye paji la uso.

Kuna jambo la pili kuhusu Oktoba. Kigoma iko kusini kidogo ya ikweta, karibu digrii tano, na kwa sababu hiyo mara mbili kwa mwaka jua hupita juu kabisa ya vichwa vyetu: mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Siku hizo, wakati wa utosi, ukuta hauna kivuli. Simama kando ya ukuta wa mita tatu mwezi Juni na utapata upande wa kusini ukanda wa kivuli wa mita moja na nusu, unaotosha mtu kusimama. Desemba utapata kama mita moja, safari hii upande wa kaskazini. Mwanzoni mwa Oktoba hupati kitu. Siku ile pale Ujiji nilizunguka nyumba nzima, na kivuli changu mwenyewe kilikuwa kimejikunja chini ya viatu.

Miaka ya mwanzo nilikuwa najua sheria moja tu: jua kali likiwaka, mpeleke mtu kivulini. Niliifuata kwa bidii na bado picha zikawa zinarudi. Nakumbuka harusi moja ambayo nilimsimamisha bibi harusi kwenye kivuli cha ghorofa, mwezi Juni, hakuna hata doa la jua usoni, na picha zilipotoka mama yake akazitazama kwa muda mrefu kisha akauliza, "Mwanangu, mbona macho yake yameingia ndani hivi, kama mgonjwa?" Sikuwa na jibu. Nilidhani ni kamera. Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea, na ndicho ninachotaka kukieleza hapa.

Ukisimama kwenye kivuli cha ukuta, jua halikuoni, lakini anga yote iliyo juu yako inakuona. Mwanga mwingi bado unakuja kutoka juu, laini kweli, lakini kutoka juu. Paji la uso na mfupa wa nyusi vinautega, na macho yanabaki kwenye mashimo yake. Pua inaacha kivuli hafifu mdomoni. Kila kitu ni kile kile kinachofanywa na jua la utosi, kwa sauti ya chini tu. Kwa ngozi nyeusi jambo hili linaonekana zaidi, maana sehemu ya jicho ambayo tayari ina weusi wake inazama kabisa, wakati paji la uso linang'aa.

Kinachookoa macho ni paa. Ukimweka mtu chini ya kitu kinachoziba anga ya juu, mwanga unalazimika kuingia kwa ubavuni, kutoka uwanjani na kutoka kwenye anga iliyo chini kule mbele yake. Mwanga wa namna hiyo unaingia moja kwa moja machoni. Kwa hiyo ninapotafuta kivuli saa saba mchana, natafuta mahali penye mambo mawili: juu pamezibwa, mbele pako wazi. Kibaraza cha nyumba kinatosha. Mlango wa duka, kizingiti cha msikiti, banda la bati la fundi baiskeli, kibanda cha mama lishe ambacho turubai lake halina rangi kali, vyote vinafaa. Kivuli cha ukuta mrefu nakiacha kwa mtu asiye na njia nyingine.

Nyumba ya ile harusi ilikuwa na kibaraza cha mbele, kina chake kama hatua tatu, sakafu ya saruji, bati limetoka nje kidogo. Kabla ya kumwita mzee nilimwita mjukuu wake, mtoto wa miaka tisa hivi, nikamwambia asimame ukingoni kabisa pale bati linapoishia, anitazame. Nikaangalia macho yake tu. Ukingoni, anga bado ilikuwa inamwona kwa juu, na chini ya nyusi palikuwa na giza. Nikamwambia arudi nyuma hatua moja. Giza likapungua. Hatua ya pili, macho yakafunguka, na ndani ya kila jicho kikatokea kipande cha mwanga, cheupe, chenye umbo la uwazi wa kibaraza. Hatua ya tatu alikuwa ameegemea ukuta, macho bado mazuri lakini mwanga umepungua sana na uso umeanza kuwa bapa. Tukarudi kwenye hatua ya pili. Nikachora mstari kwa chaki sakafuni.

Kipande hicho cha mwanga jichoni ndicho kipimo changu. Sihitaji kifaa kingine. Kikiwepo, na kikiwa katikati au juu kidogo ya mboni, uso uko sawa. Kisipokuwepo, naendelea kumsogeza au kumgeuza mtu taratibu mpaka kitokee. Ukiwa peke yako, tumia ngumi yako mwenyewe: inyooshe mbele, geuka polepole, na utazame mwanga unavyokaa kwenye vifundo vya vidole na kwenye mabonde yaliyo kati yake. Mabonde yakiwa meusi, macho ya mtu nayo yatakuwa meusi.

Sasa mzee na pama yake.

Kofia ya mkono iliyotariziwa, ile aliyovaa bwana harusi, haina shida yoyote kwa sababu haina ukingo. Kapelo ina ukingo wa mbele tu, na mara nyingi ukiigeuza kidogo kando umemaliza. Pama ni jambo jingine. Ukingo wake wote unazunguka, na ule wa mzee ulikuwa na upana wa kiganja. Nje juani, wakati wa utosi kamili, ukingo ule unafunika uso wote mpaka kidevu, halafu mabega na kanzu nyeupe vinawaka. Kamera haiwezi kubeba vyote viwili: ukiufuata uso, kanzu inageuka karatasi tupu bila hata mkunjo mmoja, ukiifuata kanzu, mzee anakuwa kanzu iliyovaa kofia. Na baadaye mchana, jua likiegama vya kutosha, ni vibaya zaidi, maana mstari wa kivuli unakata uso katikati, mashavu yako juani na macho yako gizani. Mstari ule hauondoki kwa marekebisho ya baadaye. Nimejaribu, na kila mara inaonekana kama mtu amepakwa kitu usoni.

Hata chini ya kibaraza, pama ni paa dogo ndani ya paa kubwa. Inaziba ule mwanga wa mbele unaotoka juu kidogo, na inauacha ule wa chini tu. Kwa hiyo kazi ilikuwa kuongeza mwanga wa chini. Nilimwomba mama mwenye nyumba shuka jeupe, akanipa la kitandani, safi, bado lina mikunjo ya pasi. Nikalitandaza uwanjani juani, kama hatua mbili mbele ya kibaraza. Mara moja dari ya bati juu yetu ikang'aa, na chini ya ukingo wa pama, mahali ambapo sekunde moja kabla palikuwa na kiza, uso wa mzee ukatokea. Wajukuu walioona wakasema "ehee" kwa pamoja.

Uwanja wenyewe ulikuwa tayari unarudisha mwanga, lakini udongo ule mwekundu unarudisha wekundu wake. Kabla ya shuka, kidevu cha mzee na chini ya pua yake vilikuwa na rangi ya matofali. Shuka jeupe lilisafisha hilo. Lazima niseme pia kwamba shuka linaweza kuharibu. Ukiliweka karibu mno na miguu ya mtu, mwanga wa chini unazidi ule wa mbele, kivuli cha pua kinapanda kwenda juu, na sura inakuwa ya mtu aliyemulikiwa na moto usiku. Dalili ni hiyo hiyo ya jichoni: kipande cha mwanga kinashuka chini ya mboni. Nililivuta shuka nyuma hatua nyingine moja mpaka vipande vikawa viwili, kile cha uwazi wa kibaraza katikati na kile cha shuka chini yake, chembamba na hafifu.

Halafu nikamsogelea, nikasema, "Shikamoo tena mzee. Naomba niiguse pama." Akacheka, akasema niiguse lakini isitoke. Nikairudisha nyuma kwa upana wa vidole viwili, mpaka mwanzo wa nywele zake nyeupe ukaonekana. Na nikamwomba ainue kidevu kidogo sana, kama mtu anayesikiliza adhana ya mbali. Vidole viwili vya pama na kidevu kidogo vilisaidia karibu sawa na shuka lote.

Tatizo lililobaki ni kufinya macho. Watu wengi wanafikiri mtu anakunja ndita kwa sababu jua limempiga usoni. Ni kweli, lakini anafinya vilevile akiwa kivulini kama anatazama kitu kinachowaka, na mzee alikuwa anatazama uwanja wa jua wenye shuka jeupe katikati. Isitoshe ana mtoto wa jicho upande wa kushoto, aliniambia mwenyewe, na mtu mwenye mtoto wa jicho mwanga mkali unamtawanyikia jichoni na kumuumiza kuliko sisi. Kumwambia mtu kama huyo "fungua macho, mzee" ni kumtesa bure. Atayafungua kwa nguvu, na utapata picha ya mtu aliyeshtuka.

Nilifanya mambo mawili. La kwanza, nilimpa mahali peusi pa kutazama. Huwa navaa shati jeusi kwenye kazi za mchana kwa sababu hiyo, na siku ile niliwaomba kina mama wawili wasimame nyuma yangu wameshika kitenge cha rangi ya kahawia kilichokolea, kimenyooshwa. Mzee akawa anatazama kitenge na mimi, siyo uwanja. Mwanga wa pembeni uliendelea kumfikia kama kawaida, lakini katikati ya macho yake palikuwa na utulivu. La pili, nilimwambia afumbe macho kabisa, ayapumzishe, na nikifika tatu ayafungue taratibu bila kutafuta kitu. "Moja... mbili... tatu." Una sekunde moja, labda mbili, kabla kope hazijaanza kushuka tena. Katika sekunde hiyo uso wote umelegea, hata mdomo. Nilipiga mara tatu kwa kila hesabu, nikarudia hesabu mara nne, halafu nikamwachia apumzike. Kuhesabu kwa haraka hakusaidii. Macho yanahitaji kukaa gizani kidogo ndipo yatulie.

Nyuma yake nilichagua ukuta wa kibaraza wenyewe, uliopakwa rangi ya bluu ya zamani, na mlango wa mbao ukiwa wazi nusu. Hili ni la lazima kuliko watu wanavyodhani. Kivuli cha kibaraza kina mwanga mdogo kuliko jua la nje kwa mara nane hadi kumi na sita. Ukipanga kamera iufuate uso ulio kivulini, kitu chochote cha nje kitakachoingia kwenye fremu, hata kipande cha uwanja pembeni ya bega, kitakuwa cheupe kabisa na kitamvuta mtazamaji kutoka kwenye uso. Kwa hiyo nyuma ya mtu pawe kivulini pia. Mimi nilisimama nje juani na mzee akawa ndani, na kamera ikawa inatazama kivuli tupu.

Kwa wanaotaka namba: siku ile nilitumia ISO 200, kasi ya 1/250, na uwazi wa f/4. Nje juani, kwa ISO na kasi hizo hizo, ningehitaji f/16. Kwenye rangi niliweka alama ile ya nyumba yenye kivuli pembeni, kwa sababu anga ya bluu inaleta ubaridi ambao ngozi zetu haziupendi. Inazifanya zionekane kama zina vumbi la jivu. Na sikuiamini kamera ipime yenyewe fremu nzima. Kanzu nyeupe ikijaa kwenye picha, kamera inapunguza mwanga na uso unazama. Nilipima kwenye shavu, nikatazama picha kwenye kioo nimeifunika kwa mkono dhidi ya jua, nikahakikisha mikunjo ya kanzu bado ipo na ngozi chini ya macho inaonekana. Mwenye simu agonge kidole juu ya uso, ashikilie mpaka ujifunge, kisha ashushe mwanga kidogo mpaka nyeupe zirudishe mikunjo yake.

Picha ya familia haikuweza kuenea kibarazani. Walikuwa watu kumi na saba. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mwembe, na Ujiji haina upungufu wa miembe. Mti ni paa zuri lakini lina matundu. Tazama chini kabla hujatazama juu: kama ardhi ina madoa ya jua, nyuso zitakuwa nayo, na doa moja kwenye shavu la bibi harusi linatosha kuua picha nzima. (Madoa hayo huwa mviringo hata kama matundu kati ya majani yana pembe, kwa sababu kila doa ni sura ya jua lenyewe. Tangu nilipojua hivyo siwezi kupita chini ya mwembe bila kuyatazama.) Mwembe huu ulikuwa mnene upande wa shina, na matawi ya chini yalikuwa yamekatwa, ukaacha nafasi ya mtu mrefu kusimama na mwanga kuingia kwa ubavuni. Mwembe ambao matawi yake yanagusa ardhi haufai. Ndani yake ni jioni, na mwanga mdogo unaoingia umechujwa na majani ukawa wa kijani.

Niliwapanga karibu na shina wakitazama upande wa ua ulio wazi zaidi, warefu nyuma, wazee kwenye viti, watoto mkekani. Hakuna aliyeruhusiwa kusimama ukingoni mwa kivuli. Kisha nikapita mbele yao mmoja mmoja nikitafuta vitu vitatu tu: ncha za pua, mabega na vilele vya vichwa. Hapo ndipo jua huchomoza kwa siri. Shangazi mmoja alikuwa na doa kwenye bega la kulia, tukamsogeza nusu hatua. Waliovaa mitandio niliwaomba waisogeze nyuma kidogo kutoka kwenye paji la uso, maana mtandio uliotangulia mbele unafanya kazi ile ile ya pama.

Kuna siku paa halipatikani kabisa. Wiki mbili baada ya harusi ile nilikuwa Kibirizi, ufukweni, na mama mmoja muuza dagaa alitaka picha akiwa na mzigo wake ulioanikwa, na dagaa huanikwa mahali penye jua, hakuna mti. Nilikuwa na mwavuli mweusi mpana. Kijana wake aliushika juu ya kichwa cha mama, nje ya fremu, kwa kimo cha mkono ulionyooshwa, na mchanga uliozunguka ukafanya kazi ya shuka. Uso ulitoka vizuri, macho yapo. Ila nyuma yake ziwa na dagaa vilikuwa juani, vikawa vyeupe mno, na hapo nililazimika kuchagua. Flashi ndogo ingeweza kupunguza tofauti ile, kama ungeiweka karibu na uso na kuacha kasi isizidi ile ambayo kamera yako inaelewana nayo, kwa nyingi 1/200. Yangu siku ile ilikuwa imeisha betri. Nilisogea karibu, nikainama, nikaifanya nyuma iwe nyavu nyeusi za mtumbwi uliovutwa nchi kavu, mita nne nyuma yake, na dagaa nikawaacha wawe ukanda mwembamba tu wa fedha chini ya mikono yake.

Picha ya mzee niliipeleka Ujiji baada ya siku kumi, imechapwa, ukubwa wa karatasi ya daftari. Aliisogeza karibu na jicho la kulia, lile zima, akaitazama. Kisha akaweka kidole chini ya ukingo wa pama, kwenye jicho lake, akauliza kile cheupe mle ndani ni nini. Nikamwambia ni kibaraza chake, na hapo chini ni shuka. Akamwita mke wake aje kuliona shuka lake.